Usiku wa Jumanne ni upi?

Baruapepe ilinifikia Jumamosi mchana. Alikuwa ameandikiwa mhadhiri wa kozi, naye akanitumia mimi, kwa kuwa wakati huo nilikuwa mratibu wa mitihani wa idara. Ilikuwa fupi: “Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wako. Usiku wa Jumanne niliumwa sana nikakimbizwa hospitali, nikafanyiwa upasuaji. Namshukuru Mungu naendelea vizuri. Naomba unisaidie nifanye mtihani wako. Nimeambatanisha karatasi za hospitali.”

Mtihani wenyewe ulikuwa umefanyika Jumanne tarehe 8 Julai, saa 3:00 asubuhi. Nikasoma tena. Kama binti huyu aliugua Jumanne usiku, asubuhi yake alikuwa wapi? Nikafungua karatasi ya ruhusa ya hospitali. Ilikuwa picha ya simu, imepigwa kitandani, kona moja imekunjwa na mhuri umekatika nusu. Mbele ya neno la kupokelewa paliandikwa kwa kalamu: 08/07, 03:40. Mwenzangu aliyekuwa pembeni akaisoma kwa saa zetu za Kiswahili: saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Kwa hesabu hiyo mtihani ulikuwa umekwenda dakika arobaini wakati yeye anapokelewa hospitalini, na swali la kwa nini hakuwamo chumbani saa tatu kamili likabaki palepale.

Ukweli ni kwamba hakuwa amedanganya hata neno moja. Hospitali huandika saa kwa mfumo wa saa 24, kwa hiyo 03:40 ni saa tisa na dakika arobaini usiku. Naye ni mtoto wa pwani, amelelewa na bibi anayehesabu siku kuanzia jua linapozama. Kwake usiku wa Jumanne ni ule unaoamkia Jumanne, kama vile usiku wa Ijumaa ulivyo usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kidole tumbo kilimshika saa nne usiku, akafikishwa hospitali saa tisa, na mtihani unapoanza alikuwa chumba cha upasuaji. Lakini hayo niliyajua baada ya kumpigia simu. Kikao cha mitihani hakimpigii mtu simu. Kinasoma karatasi.

Jambo hili wanafunzi wengi hawaambiwi mapema. Mhadhiri unayemwandikia, hata akikuonea huruma kiasi gani, kwa kawaida hana mamlaka ya kukupa mtihani mwingine peke yake. Ombi lako linatoka kwake kwenda kwa mkuu wa idara, kisha kwa mkuu wa kitivo au ndaki, na katika vyuo vingi karatasi za hospitali hupitia kwanza kwa mganga wa chuo ili azithibitishe. Kila anayelishika halijui jina lako wala sauti yako. Baruapepe inayosema “mimi ni mwanafunzi wako” inakuwa na maana mikononi mwa mtu wa kwanza tu, na hata huyo akiwa na darasa la watu mia tatu hawezi kukukumbuka.

Kuna na jina la kile unachoomba. “Naomba unisaidie nifanye mtihani” ni sentensi inayoweza kukupeleka pabaya, kwa sababu mitihani ya baadaye ni ya aina mbili. Mtihani wa marudio, ambao vijana wanauita sapu, ni wa aliyefanya akashindwa, na katika vyuo vingi vya Tanzania alama yake ya juu kabisa ni C, hata ujibu vizuri namna gani. Mtihani maalumu ni wa yule ambaye hakufanya kwa sababu iliyokubalika. Huo unahesabiwa kuwa ndio mara yako ya kwanza, alama zako za kazi za muhula zinabaki, na ukistahili A unapata A. Mara nyingi yote miwili hufanyika wiki ileile, kabla ya mwaka mpya wa masomo, na hapo ndipo watu wanapoichanganya. Nimewahi kumwona mwanafunzi mzuri akiomba “marudio” kwa mkono wake mwenyewe, akapewa alichoomba. Na asiyeomba chochote huandikwa kuwa hakutokea bila sababu, jambo ambalo humhesabu ameshindwa, na vipo vyuo ambavyo humdiskoisha kabisa. Kwa hiyo liandike neno lenyewe: mtihani maalumu.

Nilimwomba binti yule aandike upya. Nilimpa maswali tu, maneno yakawa yake. Kwenye sehemu ya mada aliandika: Ombi la mtihani maalumu, kisha jina la kozi, namba yake ya usajili na tarehe ya mtihani. Ndani akaandika hivi:

“Mheshimiwa Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika kozi yako ya Fonolojia ya Kiswahili. Jina langu kamili na namba ya usajili viko chini ya barua hii. Sikufanya mtihani wa kozi hii uliokuwa Jumanne, tarehe 8 Julai, saa 3:00 asubuhi, kwa sababu nilikuwa nimelazwa. Nilipokelewa hospitali usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne tarehe 8 Julai, saa 9:40 usiku (katika karatasi ya hospitali imeandikwa 03:40), nikafanyiwa upasuaji wa dharura asubuhi hiyo. Niliruhusiwa Ijumaa tarehe 11 Julai, na daktari amenipa mapumziko ya siku 14, kuanzia tarehe 12 hadi 25 Julai. Naomba kufanya mtihani maalumu wa kozi hii katika ratiba ijayo. Nimeambatanisha karatasi ya ruhusa yenye tarehe za kulazwa na kutoka, na barua ya daktari ya mapumziko. Karatasi halisi ninazo, nitazileta nikiruhusiwa kutembea. Naomba kuelekezwa iwapo natakiwa pia kumwandikia mkuu wa ndaki kupitia kwa mkuu wa idara. Ahsante.”

Shikamoo haikutolewa, wala mimi sikuona sababu ya kuitoa. Kumsalimu mwalimu ni adabu yetu. Ila imekaa mstari mmoja, kisha jambo likaanza. Maumivu hayakuelezwa, na hayakuhitajika, kwa sababu saa 9:40 usiku na saa 3:00 asubuhi zikiwekwa jirani zinaeleza zenyewe. Tazama pia alivyoifanyia saa yake: ameiandika kwa Kiswahili, akaitaja kama ilivyo kwenye karatasi. Mabano yale madogo ndiyo yaliyookoa ombi lake.

Sasa karatasi zenyewe. Inayobeba uzito ni ile inayoonyesha siku uliyoingia na siku uliyotoka, yenye jina la daktari, saini na mhuri. Risiti ya dawa haithibitishi kwamba ulilazwa, na picha ya mkono wenye dripu ndiyo kabisa. Picha hizo hututia uchungu, lakini hazina tarehe wala jina.

Jina ndilo linalosumbua kuliko tunavyodhani. Mgonjwa wa usiku haandikishi jina lake mwenyewe. Anayeulizwa dirishani ni shangazi au jirani aliyemleta, naye anataja jina la nyumbani, au majina mawili wakati chuoni mwanafunzi ameandikishwa kwa matatu. Ukiisha kupata nafuu, kabla hujaondoka wodini, isome karatasi yako herufi kwa herufi ukiwa na kitambulisho cha chuo mkononi. Wakati huo kosa hurekebishwa kwa dakika chache na muuguzi yuleyule aliyekuhudumia. Ukiligundua nyumbani, itabidi urudi kitengo cha kumbukumbu cha hospitali wakuandikie barua, au ule kiapo mbele ya wakili kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Inawezekana, ila siku zinakwenda, na kila chuo kina ukomo wake wa kupokea maombi haya ulioandikwa katika kanuni za mitihani.

Kupiga picha ya karatasi nako kuna namna yake. Iweke mezani karibu na dirisha mchana, simu iwe juu yake sawasawa, kona zote nne zionekane. Kisha ikuze kwenye kioo, na mhuri ukishindwa kuusoma wewe hakuna atakayeusoma. Ziunganishe zote ziwe faili moja la pdf, ulipe jina lako na namba ya usajili. Mtu anayepokea mafaili kumi yenye majina ya tarakimu tupu ndiye huyohuyo atakayepoteza moja.

Wengine huogopa kutuma karatasi kwa sababu ugonjwa wenyewe ni siri. Hofu hiyo naiheshimu sana. Mimba iliyoharibika au maradhi ya akili si habari za kuzunguka ofisi nne. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Mhadhiri anahitaji kujua ulilazwa lini na ukaruhusiwa lini, basi. Mwombe daktari barua inayosema ulikuwa na hali ya dharura iliyohitaji kulazwa, na undani wake umwonyeshe mganga wa chuo ana kwa ana. Katika baruapepe sema wazi kwamba maelezo ya kitabibu yatawasilishwa kwake.

Kama bado uko kitandani na siku zinapita, mtu mwingine anaweza kuandika mistari mitatu kwa niaba yako: wewe ni nani, umelazwa wapi tangu lini, mtihani gani umekupita, na kwamba karatasi zitafuata. Mwakilishi wa darasa anafaa, au ndugu. Ujumbe huo hauchukui nafasi ya ombi, lakini unaonyesha kwamba hukungoja matokeo yatoke ndipo ukumbuke ugonjwa.

Jambo moja lilibaki kwa binti yule. Alikuwa na mtihani mwingine Jumatatu tarehe 14, na alitaka kuja kuufanya akiwa na mshono wa siku sita. “Nitakaa kwenye kiti tu, Mwalimu,” aliniambia kwenye simu. Nilimkataza. Ukiingia chumbani na kusaini karatasi ya mahudhurio, umekubali kwamba unaweza, na ukishindwa ni vigumu sana kurudi nyuma useme ulikuwa mgonjwa, hata barua ya mapumziko iwe mkononi. Aliandika ombi la pili kwa mhadhiri wa kozi hiyo, karatasi zilezile, tarehe 25 Julai ikiwa ndiyo hoja yake.

Alikuja ofisini Jumatatu tarehe 28, anatembea taratibu, mama yake amembebea mfuko. Karatasi halisi zilikuwa ndani ya bahasha ya plastiki. Nilizilinganisha na zile za picha, na safari hii mhuri wote ulionekana. Mitihani yake miwili maalumu aliifanya Septemba, chumba kimoja na waliokuwa wakirudia, saa moja na wao. Vitabu vyake vya majibu nilivitia bahasha ya peke yake, nikaandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba msahihishaji asiweke kikomo cha C.