Ini na saa 24 za kwanza

Miaka ya 1970 huko Taiwan, daktari Mmarekani Palmer Beasley na wenzake waliwapima damu wanaume 22,707, wengi wao watumishi wa serikali. Kati yao 3,454 walikutwa na kirusi cha homa ya ini aina ya B, ingawa walikuwa wakienda kazini bila kulalamika lolote. Watafiti wakaendelea kuwafuatilia wote. Kufikia mwaka 1981, wanaume 41 walikuwa wamekufa kwa saratani ya ini, na 40 kati yao walitoka katika lile kundi dogo lenye kirusi.

Walikipata wapi? Mtu mzima huambukizwa kwa damu, wembe au sindano iliyotumika, au kwa kujamiiana, na mara nyingi mwili wake hukifukuza. Kula sahani moja hakuambukizi, ingawa wapo wanaowatengea wagonjwa vyombo. Mtoto mchanga mambo yake ni mengine. Akizaliwa hugusana na damu ya mama, na kinga yake changa hukipokea kirusi kama mwenyeji. Watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa hivyo hubaki nacho maishani.

Kwa miaka mingi kirusi hukaa ndani ya chembe za ini bila ugomvi. Baadaye kinga huanza kuzishambulia chembe hizo, ini hujijenga upya, hushambuliwa tena, na makovu huongezeka. Kila chembe inapojigawa kuna nafasi ya kukosea, na vipande vya kirusi hujipachika kwenye vinasaba vyake. Sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu huzidisha hatari. Maumivu chini ya mbavu za kulia yanapoanza, uvimbe mara nyingi umeshakuwa mkubwa. Ndiyo maana wenye kirusi walio katika hatari zaidi hupigwa picha ya ini kila miezi sita.

Chanjo ni ganda tu la kirusi, halina uwezo wa kuambukiza. Ikidungwa pajani ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, mwili hupata nafasi ya kutengeneza kinga kabla kirusi hakijajikita. Penta ya wiki ya sita ina chanjo hiyo hiyo, lakini kwa maambukizi ya uzazini imeshachelewa. Kazi yake ni kuimarisha kinga iliyoanza. Taiwan ilianza na watoto wa mama wenye kirusi mwaka 1984, ikawafikia wote miaka miwili baadaye. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua karibu nusu.

Hata hivyo, baadhi ya watoto huponyoka, hasa mama anapokuwa na virusi vingi mno. Huyo hupewa vidonge vya tenofovia katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Kunyonyesha anaruhusiwa. Mtoto naye, baada ya kumaliza chanjo zote, hupimwa damu akitimiza miezi tisa au zaidi.