Je, Wajua? Uthibitisho hujituma wenyewe, ila una kikomo

Je, wajua kwamba Google Forms, Google Sheets na Gmail huunganishwa bila malipo, ili kila anayejiandikisha apate barua pepe ya uthibitisho papo hapo? Ndani ya jedwali unafungua Apps Script, unaandika maagizo machache yenye `MailApp.sendEmail`, kisha unaweka kichochezi cha `On form submit`. Tatizo ni kwamba akaunti ya kawaida hutuma kwa wapokeaji 100 tu kwa siku. Tuseme watu 130 wamejaza fomu ya semina siku moja. Majibu yote yataingia kwenye jedwali, lakini 30 wa mwisho hawatapata kitu, na jedwali halitaonyesha tofauti yoyote kati yao na wenzao.

Ndiyo maana kichochezi cha fomu peke yake hakitoshi. Ongeza safu ya “Imetumwa”, maagizo yaandike tarehe humo baada tu ya barua kuondoka, na kichochezi cha pili cha kila saa kipitie mistari ambayo safu hiyo bado ni tupu na kutuma tena. Wapo watakaosema hao 30 bado watachelewa. Ni kweli, lakini watapata, na mwandaaji anaona waziwazi nani anasubiri. Wengine watauliza kwa nini isitumike nakala ya majibu inayotumwa na fomu yenyewe. Nakala hiyo humrudishia mtu alichoandika tu. Haimpi, kwa mfano, namba ya kiti. Tena, kutumwa si kufika: anwani ikikosewa herufi, taarifa ya kushindwa hurudi kwenye akaunti ya aliyeweka kichochezi, si kwenye jedwali.