Karatasi Anayorudi Nayo Mtoto wa Malaria Kali

Nilipokuwa tabibu katika zahanati ya kijijini, mama mmoja alinikabidhi karatasi ya ruhusa ya mwanawe iliyokunjwa mara nne. Ndani yake yalikuwa maneno haya tu: "Malaria kali, katibiwa, ana nafuu." Mtoto alikuwa na homa tena. Nilimpima kwa kipimo cha haraka, mistari miwili ikajitokeza, na mimi nikaanza kuhesabu vidonge vya dawa mseto. Kumbe nilikuwa nakosea.

Kipimo kile hakitafuti vimelea walio hai. Kinatafuta protini wanayoimwaga kwenye damu, na protini hiyo hubaki mwilini wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Aliyetoka hospitali juzi anaweza kuonyesha mistari miwili bila kuwa na malaria yoyote, huku homa yake ikiwa ni ya nimonia ambayo hakuna aliyeitafuta. Mtoto wa namna hii anahitaji damu yake isomwe kwenye hadubini. Sentensi moja ya hospitali ingetosha kunikumbusha: "Kwa wiki 4 msitegemee kipimo cha haraka."

Sasa tuandike karatasi inayofaa. Chukua mfano wa binti wa miaka mitatu mwenye kilo 12, aliyelazwa Mei 4 akiwa amepata degedege mara mbili, hajitambui, anapumua kwa shida, na himoglobini yake ni gramu 4.2. Aliongezewa mililita 240 za damu. Sindano ya atisunati kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo kila dozi yake ilikuwa miligramu 36. Ya kwanza alichomwa Mei 4 saa tisa alasiri, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 12 nyingine, na ya nne Mei 6 alasiri. Asubuhi ya Mei 7, alipoweza kunywa uji bila kutapika, alianza dawa mseto, kidonge kimoja kila dozi, dozi sita kwa siku tatu. Aliruhusiwa Mei 8 mchana, na himoglobini ilikuwa 8.0.

Hapo hesabu ya vidonge ni ya lazima. Mtoto ameondoka na vidonge vitatu mfukoni mwa mama: kimoja cha jioni ileile na viwili vya kesho yake, vinywewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Sindano humaliza hatari, lakini vimelea waliosalia humalizwa na vidonge hivi. Zahanati isipojua vilivyobaki, haiwezi kumuuliza mama kama vimeisha.

Jambo linalosahaulika zaidi ni damu kushuka baadaye. Atisunati huua kimelea ndani ya chembe nyekundu, kisha bandama hukichomoa na kuirudisha chembe kwenye mzunguko ikiwa na jeraha. Chembe hizo huishi muda mfupi. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu zinaweza kupasuka kwa wingi, hasa kwa mtoto aliyekuwa na vimelea wengi sana, na mtoto aliyekwisha kuchangamka akaanza kupauka, kuchoka na kukojoa mkojo mweusi kama kahawa ya mkandaa. Kwa hiyo karatasi itaje tarehe zenyewe za kupima damu, zikihesabiwa kuanzia sindano ya kwanza: Mei 11, Mei 18 na Juni 1. Kama zahanati haina kifaa cha kupima kwa tone la kidole, iandikwe mtoto apelekwe wapi, na muuguzi akague viganja na rangi ya mkojo.

Na kwa kuwa alipata degedege na kupoteza fahamu, andika alivyokuwa alipotoka: anatembea mwenyewe, anashika kikombe kwa mikono yote miwili, anamwita mama, anageuka akisikia jina lake. Mguu ukianza kuburuta mwezi ujao, mganga atajua ni jambo jipya.

Turudi kwa binti wetu. Mei 11 himoglobini ni 7.4, anacheza. Mei 18 mama anasema mkojo umebadilika tangu juzi. Kipimo kinasoma 5.6. Kipimo cha haraka kingetoa mistari miwili, na hapo angeondoka na vidonge. Lakini muuguzi anasoma mstari wa mwisho wa karatasi, "ikishuka chini ya 6, au mkojo ukiwa mweusi, mrudisheni siku hiyohiyo," anapiga namba ya wodi iliyoandikwa chini yake, na kabla ya saa sita mchana mtoto yuko njiani kurudi hospitali na karatasi ileile, iliyoongezwa tarehe na namba mbili mpya za himoglobini.