Saa Nane za Usingizi Si Sheria

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu ambaye kila siku hupanda kitandani saa 3 usiku na kuamka saa 12 asubuhi. Usingizi humjia baada ya dakika 45. Usiku wa manane huamka, akajigeuza huku na huku, akisikiliza mbwa wa jirani na kuhesabu saa zilizobaki kabla ya alfajiri. Ukijumlisha, anakaa macho saa 2 na nusu, na kulala saa 6 na nusu. Asubuhi huwaambia watoto wake kwamba ana ugonjwa wa kukosa usingizi, kwa sababu amesikia kwamba mtu mzima lazima alale saa 8.

Hiyo 8 aliyoisikia ni namba ya katikati tu. Mwaka 2015 taasisi ya Marekani iitwayo National Sleep Foundation ilipendekeza saa 7 hadi 9 kwa watu wa miaka 18 hadi 64, na saa 7 hadi 8 kwa waliozidi hapo. Ilikiri pia kwamba wapo wanaotosheka nje kidogo ya mipaka hiyo. Mwaka huohuo watafiti waliokuwa na Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha vipimo vya usingizi wa jamii tatu zisizotumia umeme, wakiwemo Wahadzabe wa Tanzania. Kwa wastani watu hao walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na wachache sana walilalamika kwamba usingizi unawapa shida.

Lakini asitokee mtu akasema, "Basi mimi saa 5 zinanitosha." Wanaotosheka na usingizi mfupi kwa maumbile wapo, ila ni adimu. Mwaka 2009 kundi la Ying-Hui Fu, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilieleza habari za mama na binti yake waliokuwa wakilala kama saa 6 na robo tu, wote wawili wakiwa na badiliko moja katika jeni iitwayo DEC2. Watu wa aina hii huwa hivyo tangu ujana, na mara nyingi kuna ndugu yao aliye kama wao. Hata wakipewa likizo hawaongezi usingizi, na mchana hawasinzii.

Wengi wanaojidai kuwa hivyo wana deni la usingizi. Dalili yake ni kwamba Jumapili wanalala hadi jua kali, na wakikaa kwenye daladala kichwa kinaanguka kabla ya kituo cha pili. Jaribio lililochapishwa mwaka 2003 lilionyesha hatari yake: waliolala saa 6 kwa usiku kwa wiki mbili walizidi kupoteza umakini siku hadi siku, ilhali wenyewe walijiona wamechoka kidogo tu. Ndiyo maana neno la mwenye deni kwamba yuko sawa halitoshi kuwa ushahidi.

Kipimo kizuri ni likizo ya wiki mbili. Lala unapohisi usingizi, usitege alamu, punguza kahawa na chai ya jioni, na kila asubuhi andika ulipolala na ulipoamka. Siku nne au tano za mwanzo usizihesabu, maana mwili unalipa deni. Wastani wa siku zilizobaki, ukiwa mchangamfu mchana, ndio mahitaji yako.

Mwenye ugonjwa wa kukosa usingizi ana hali nyingine kabisa. Nafasi ya kulala anayo, kitanda anacho, lakini usingizi haumjii au unamkatika, na mchana anaumia: amechoka, ana hasira, hakumbuki mambo. Hali ikitokea usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, madaktari huiita sugu.

Turudi kwa mwalimu wetu. Kama mchana yuko mzima, pengine shida yake ni kukaa kitandani saa 9 ilhali mwili unahitaji 6 na nusu. Apande kitandani saa 5 usiku, na saa ya kuamka ibaki ileile. Baada ya wiki moja au mbili, akikuta katika saa 7 hizo analala saa 6 na robo, yaani karibu asilimia 90, aongeze robo saa, kisha apime tena. Njia hii ni sehemu ya tiba ya kukosa usingizi, na siku za mwanzo huleta usingizi mchana. Kwa hiyo dereva, mwenye kifafa au mwenye maradhi ya akili asiianze bila daktari. Naye anayekoroma sana na kukatika pumzi usingizini aende hospitali kwanza, kwani shida yake haiponi kwa kupanga saa.