Namba Iliyohifadhiwa kwa Mahadhi

Na tumfikirie mvulana wa miaka 6, mwana wa fundi wa majokofu wa Temeke, ambaye baba yake amelipia tangazo katika redio moja ya mjini; na tangazo lenyewe, kama yalivyo mengi ya jinsi hiyo, ni wimbo mfupi unaotaja kazi ya fundi, kisha mtaa wake, kisha namba yake ya simu ya mkononi, tarakimu baada ya tarakimu, kwa mahadhi yasiyobadilika. Hakuna aliyemkalisha mtoto huyu kitako akamfundisha namba ile. Redio huwashwa jikoni tangu alfajiri, wimbo hupita asubuhi, adhuhuri na magharibi, naye huufuatisha huku akivaa viatu. Ikawa siku moja, katika umati wa Maonyesho ya Sabasaba, mkono wake umechopoka katika mkono wa shangazi yake, na akajikuta analia mbele ya banda la mama lishe.

"Nyamaza, mwanangu. Namba ya simu ya baba unaijua?"

"Siijui, mama."

"Haya, baba anafanya kazi gani?"

"Fundi friji."

Na mara tu alipolitamka neno hilo, ulimi ukaendelea wenyewe: akauimba wimbo wote tangu mwanzo, namba ikiwamo ndani yake, naye mama lishe akaomba kalamu kwa jirani.

Mtoto hakusema uongo aliposema haijui namba. Mambo tuliyoyahifadhi hatuyafikii kwa mlango wowote tuutakao, bali aghalabu kwa ule ule tulioingilia. Na kwa kuwa kwake yeye tarakimu zile hazikuingia kama namba ya simu, bali kama sehemu ya wimbo wa fundi, swali la namba halikugonga popote, ilhali swali la kazi ya baba liligonga kizingiti chenyewe.

Lakini ziliingiaje, hali ni nyingi kuliko kadiri ya akili ya mtoto? Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba mtu mzima, akitajiwa vitu mara moja tu, hushika takriban 7, vikizidi ama kupungua kidogo; na mtoto wa miaka 6 aghalabu hashiki zaidi ya tarakimu 4 au 5. Baadaye, mwaka 1975, Alan Baddeley na wenzake huko Uingereza wakadhihirisha kwamba urefu wa maneno nao una hesabu yake: tunachoweza kukishika kwa muda mfupi ni kile tuwezacho kukitamka kwa sekunde 2 hivi. Sasa na tuipime namba ya simu ya Tanzania kwa mizani ya washairi wetu. Tarakimu zake ni 10. Sifuri ina mizani 3, na kila moja ya zile nyingine, tangu moja hata tisa, ina mizani 2 kamili, pamoja na nne, ambayo n yake huhesabiwa peke yake. Jumla yake, ikiwa sifuri ni ile moja ya mwanzo tu, ni mizani 21, na mizani 21 kwa usemi wa kawaida huchukua si chini ya sekunde 3. Namba hii, basi, haimo katika uwezo wa kusikiwa mara moja na kushikwa, lazima irudiwe.

Na hapo ndipo penye uzito wa jambo, kwa kuwa mtoto mdogo hajui kujirudilia. Mwaka 1966 John Flavell na wenzake waliwaonyesha watoto picha, wakawataka wakumbuke zipi zilizoonyeshwa, kisha kabla ya kuwauliza wakawafunika macho kwa kofia yenye kizuizi na kuitazama midomo yao: wale wa miaka 10 wengi wao walikuwa wakijinong'onea majina ya picha, ama wale wa miaka 5, ni wachache mno waliofanya hivyo. Mwana wa fundi hakuwa na haja ya kujinong'onea, maana redio ilimfanyia kazi hiyo, tena kwa vipindi vilivyoachana. Na tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake mwaka 1885 imejulikana kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku nyingi hudumu kuliko yale yaliyolundikwa katika saa moja.

Mahadhi nayo yana sehemu yake, ingawa si ile wanayoidhani wengi. Wanda Wallace, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1994, aliona kwamba maneno yaliyoimbwa hukumbukwa kuliko yaliyosemwa pale tu sauti ya wimbo inaporudiwa hata ikazoeleka. Ikisikiwa mara moja tu, haisaidii, kwani msikilizaji anakuwa na mambo mawili ya kujifunza badala ya moja. Sauti iliyozoeleka huwa kama uzi wa tasbihi: huonyesha ni punje ngapi, ipi yafuata ipi, na kama kuna iliyodondoka, kwa sababu pahala pake patasikika patupu. Kwa hiyo ni nadra mtoto aimbaye namba kuruka tarakimu au kuzipindua.

Kosa likitokea huwa la namna nyingine, na ndilo lililotokea pale bandani. Mama lishe alipopiga, akapokea mtu asiyejua habari za majokofu wala mtoto. Akazihesabu tarakimu alizoandika, akaziona ni 10, na ya kwanza ni sifuri na ya pili ni saba, kama zilivyo namba nyingi za simu ya mkononi. Basi hapakuwa na pengo, bali tarakimu moja imechukua kiti cha nyingine. R. Conrad alikwisha onyesha mwaka 1964 kwamba tunapokosea katika kukumbuka kwa muda mfupi, hubadilisha vitu vinavyofanana kwa sauti, hata kama tulivisoma kwa macho. Na katika Kiswahili hatari hiyo iko wazi: sita na tisa ni konsonanti zile zile zilizobadilishana nafasi, saba iko karibu nazo, tatu na tano huanza pamoja, na nane yakaribia nne. Mama lishe akamtaka mtoto aanzie katikati, kwenye tarakimu ya sita, hakuweza. Akamwacha aimbe upya tangu mwanzo, pole pole, naye akitazama mdomo wake, na pale alipoandika sita akaona kumbe ni tisa. Mara hii fundi akapokea mwenyewe.

Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe ameihifadhi namba kweli asimwombe kuimba tu. Amwulize ghafla, wakiwa njiani, "Ukipotea utampigia nani?", kwani swali hilo ndilo atakaloulizwa na mgeni, na kila siku chache swali na wimbo vifuatane, hata swali lenyewe liwe mlango. Kisha ampe simu aibonyeze namba huku akiimba, maana wimbo huenda mbio kuliko kidole, na mtoto asiyezoea kuusimamisha hupotelewa pale kidole kinapochelewa.

Na fundi akibadilisha namba, asitie tarakimu mpya katika sauti ile ile ya zamani. Mahadhi yaliyozoeleka yataendelea kuzivuta zile za kwanza, hasa mtoto akiwa na hofu. Ni afadhali atungiwe wimbo mwingine kabisa, na ule wa kale uondolewe redioni.