Pendekezo la Chandarua na Ushahidi Wake

Tuchukue rasimu ya mfano, kurasa mbili zinazokwenda kwa waziri wa afya wa kaunti moja magharibi mwa Kenya. Fedha za wafadhili zimepungua, na wapo wanaotaka wajawazito waanze kulipia kidogo chandarua chenye dawa wanachopewa kliniki. Mwandishi anahitimisha hivi: “Serikali iimarishe upatikanaji wa vyandarua kwa kuzingatia uendelevu na ushirikishwaji wa wadau.”

Waziri anayetaka kutoza ada ataitia saini sentensi hiyo, na asiyetaka ataitia saini vilevile. Hapo ndipo ninapoanza maoni yangu pembezoni mwa ukurasa: ni nani hasa anaweza kuipinga? Kama hayupo, waziri hajashauriwa lolote. Ningemwomba mwandishi aandike: “Idara ya afya ya kaunti iendelee kumpa kila mjamzito chandarua bure katika hudhurio lake la kwanza, na isianzishe ada katika mwaka ujao wa fedha.” Sasa anayetakiwa kutenda anajulikana, kitendo kinajulikana, na muda pia. Hatua inayofuata ni kutaja gharama yake kwa shilingi na fungu la bajeti litakaloibeba, maana bila hilo afisa wa fedha ataiua hoja kabla haijafika kwa waziri.

Kazi ngumu zaidi iko kwenye ushahidi. Rasimu inajivunia mapitio ya Cochrane ya mwaka 2004, yaliyojumlisha majaribio kadhaa, mengi ya Afrika, na kuonyesha kwamba vyandarua vyenye dawa hupunguza vifo vya watoto kwa takriban asilimia 17. (Ningependa kusoma pia kwamba hiyo ni kama watoto watano au sita wanaookolewa kila mwaka kati ya 1,000 wanaolindwa. Asilimia peke yake humwacha msomaji akikisia.) Ni ushahidi mzito, lakini unajibu swali ambalo mezani halipo. Hakuna anayebisha kwamba chandarua huokoa maisha. Ubishi ni kama ada ndogo itawafukuza wanawake, na hilo mapitio yale hayakulichunguza.

Waliolichunguza wapo. Jessica Cohen na Pascaline Dupas walifanya jaribio katika kliniki 20 za wajawazito huko huko magharibi mwa Kenya na kulichapisha mwaka 2010. Bei ilipangwa kwa kura: kliniki nyingine zilitoa bure, nyingine zilitoza hadi shilingi 40. Bei ilipopanda kutoka bure hadi kiwango hicho, wanaochukua chandarua walipungua kwa kama wanawake 60 katika kila 100. Watetezi wa ada husema kilicholipiwa huthaminiwa. Watafiti walitembelea nyumba na hawakukuta kwamba waliopewa bure walikitumia chandarua kwa kiwango cha chini kuliko walionunua.

Utafiti huu mmoja una uzito kuliko yale mapitio makubwa kwa pendekezo hili, kwa sababu unagusa uamuzi wenyewe, mahali penyewe na watu wenyewe. Hata hivyo mwandishi asiuvute kupita urefu wake. Ulihusu wajawazito kliniki, kwa hiyo hauwezi kubeba pendekezo juu ya kugawa nyumba kwa nyumba. Ulipima nani alichukua na nani alitumia, wala haukuhesabu vifo. Na shilingi 40 za wakati ule si shilingi 40 za leo. Mambo haya yaandikwe katika sentensi mbili chini ya matokeo yenyewe, yasifichwe ukurasa wa mwisho.

Kuna ufa mwingine ambao rasimu imeuruka. Majaribio ya Cochrane yalifanyika kabla usugu wa mbu kwa dawa za jamii ya pairethroidi haujaenea kama sasa. Huko Misungwi, Tanzania, jaribio lililochapishwa mwaka 2022 lililinganisha vyandarua vya kawaida na vilivyoongezwa dawa ya klorofenapiri, na wagonjwa wapya wa malaria miongoni mwa watoto walipungua kwa asilimia 44 katika miaka miwili. Kwa hiyo kusema “kitolewe bure” bila kusema chandarua kipi ni kumwachia waziri nusu ya uamuzi. Aina mpya ni ghali zaidi, na fedha zilezile zitanunua vichache. Mwandishi ana wajibu wa kuonyesha hesabu hiyo na kuchagua.

Lugha nayo ifuate uzito wa ushahidi. Kuhusu ada, aandike kwamba ada itapunguza wanaochukua. Kuhusu vifo vitakavyozuilika katika kaunti hii, aandike “huenda”, kwa kuwa hapo anaunganisha tafiti za nyakati na mahali tofauti.

Kwa hali ilivyo, rasimu irudishwe kwa mwandishi. Ibadilishwe sentensi ya pendekezo, jaribio la kliniki lipande ukurasa wa kwanza, na Cochrane ibaki na aya moja.