Kompyuta ya Chuo: Hesabu Inayoanza Baada ya Kulipa

Mtoto amepata chuo, na kwenye maduka ya Kariakoo anaoneshwa kompyuta mpakato mbili. Moja imefungwa kwenye boksi, na muuzaji anataka shilingi 1,400,000. Nyingine ni HP EliteBook 840 G5, mtumba uliotoka maofisini Ulaya, mikwaruzo kidogo kwenye kifuniko, bei 650,000. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za duka lako, hesabu haibadiliki.

Masomo ni miaka mitatu. Ile mpya, tuseme, mwaka wa mwisho itadai betri ya 120,000, kisha iuzwe 500,000. Ukijumlisha ulichotoa na kuondoa ulichorudishiwa, imekula 1,020,000. Mtumba utadai betri mapema zaidi, 120,000, na 60,000 ya fundi kusafisha feni na kubadilisha kitufe kilichokufa. Ukiuzwa 300,000 mwishoni, umekula 530,000. Mtumba umeokoa 490,000, na sababu kubwa ni kwamba mashine mpya hushuka thamani vibaya mno mara tu boksi linapofunguliwa. Hasara hiyo ya mwanzo, kwenye mtumba, ilishabebwa na ofisi ya huko ilikotoka.

Lakini hebu bodi kuu iungue mwaka wa pili, fundi ashindwe. Utauza vipuri, labda 80,000, na kununua mashine nyingine ya 650,000. Sasa jumla inafika 1,100,000, kubwa kuliko ya ile mpya. Kwa hiyo mtumba una faida kwa anayekagua, tena kabla ya kutoa pesa.

Anza na namba ya prosesa. Kwenye 840 G5 nyingi utasoma i5-8250U, na ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi chake. Ukiona i5-7300U au i5-6300U, hicho ni kizazi cha saba au cha sita, na kwa masharti ya Microsoft hakiingii Windows 11. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya kizazi cha saba bado itaandika kazi zako za chuo vizuri tu, ila siku ya kuiuza utamtafuta mnunuzi kwa tochi. Uangalifu kidogo: kwenye i5-10210U, kizazi ni cha kumi, si cha kwanza.

Betri nayo ina cheti chake. Fungua dirisha la amri, uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Mashine itakuonesha mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue, utafute DESIGN CAPACITY, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo uliobaki leo. Tuseme umekuta 50,000 mWh na 31,000 mWh. Imebaki asilimia 62. Kwa kazi nyepesi inayokula wati kumi hivi, hizo ni saa tatu badala ya tano. Usiikimbie mashine kwa hilo. Muulize fundi bei ya betri, kisha muombe muuzaji apunguze kiasi hichohicho.

Ripoti yenyewe inaweza kudanganya, hasa betri ikiwa imechezewa. Chomoa chaji, cheza video nusu saa dukani ukiwa umekaa. Asilimia zikiporomoka ghafla kutoka 60 hadi 20, amini macho yako. Pitisha pia kidole kwenye kipanya cha mguso: kikiwa kimeinuka au hakibonyezeki, huenda betri imevimba chini yake. Hiyo haichajiwi tena, hata kwa majaribio.

Jambo la mwisho dukani ni kufuli. Zima mashine, iwashe huku ukibonyeza F10 mfululizo. Ikidai nywila ya kuingia kwenye mipangilio, ofisi ya zamani haikuifungua, na ahadi ya muuzaji kwamba “fundi wetu ataitoa kesho” isikufanye ulipe leo.

Mpya ninaitetea kwa mtu mmoja hasa: anayesoma mbali na fundi wa kuaminika, ambaye wiki mbili bila mashine ni mitihani iliyopotea. Huyo ananunua dhamana, basi risiti na masharti yake avisome. Hata hivyo asishawishike na mpya ya bei ya mtumba. Nyingi huwa na prosesa ya Celeron na ramu ya GB 4 iliyolehemiwa kwenye bodi, isiyoongezeka kamwe. Ile 840 G5 ina nafasi mbili za ramu. Unaongeza kipande, na hiyo humpendeza hata mnunuzi wako wa baadaye. Mtangazie wakati wa mwaka wa kwanza wanaporipoti, Oktoba na Novemba, na uiuze pamoja na chaji yake halisi.